Somo: Ruhusa ya sura ya mtu kwenye picha uliyoihariri

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Mombasa anayetaka uso wa mteja wake uwekwe juu ya gauni ambalo mteja huyo hakulivaa, kisha tangazo liende kwenye Status na makundi mawili ya WhatsApp. Mteja alikwisha kukubali kupigwa picha dukani, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu aliyekubali kupigwa picha hajakubali kuvishwa nguo isiyo yake.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza rasimu, kuipiga mstari wa maandishi "RASIMU" katikati, na kumpelekea mteja peke yake. Usimwombe ruhusa kwa maelezo matupu, maana hawezi kukubali asichokiona.

Hatua ya pili ni ujumbe wenyewe, na hapa usione uvivu wa kuandika: "Dada, shikamoo. Hii ni picha yako ya Jumamosi. Nimeweka uso wako juu ya gauni la kijani ambalo hukulivaa. Ningependa kuiweka kwenye Status na makundi mawili ya wateja, hadi mwisho wa mwezi. Mtu akishaiona anaweza kuihifadhi, nami sitaweza kuirudisha. Je, unakubali? Ukikataa, hakuna neno."

Subiri jibu la maneno. Kidole gumba huenda kikamaanisha "nimeona" tu, na kimya si ridhaa.

Hatua ya tatu ni kuhifadhi jibu pamoja na rasimu. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 32, inamtaka anayetumia taarifa za mtu ndiye athibitishe kwamba ridhaa ilitolewa. Kwa hiyo kama mazungumzo yenu yamewekwa kujifuta, piga picha ya skrini siku hiyohiyo. Ukibadilisha gauni, maneno au mahali pa kuichapisha, rudi hatua ya kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mumewe ameniambia sawa. Haitoshi?*
Haitoshi. Mtu mzima hujibia sura yake mwenyewe, hata kama mume ndiye aliyelipia gauni.

*Na mtoto wa miaka tisa aliyevaa sare?*
Mwombe mzazi au mlezi wake, kwa maandishi. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na picha hizo hazikuhitaji hata kuhaririwa ili ziwe kosa.

*Alikubali, leo amegeuka. Nimeshaituma.*
Ana haki ya kuiondoa ridhaa wakati wowote. Ifute kwenye Status usingoje saa 24 ziishe, ifute kwa wote kwenye makundi ikiwa muda bado unaruhusu, kisha uwaombe wanakundi wasiisambaze. Mwandikie ukimweleza ulikofuta na ulikoshindwa.