SOMO: Jinsi ya kuthibitisha kwamba kirai cha swali hutua njiani (fezi na urejeshi)

Nimeulizwa hili inboksi mara nyingi mno, sasa naliandika hapa mara moja.

1. Kwa Chomsky (2000, 2001), CP, yaani kishazi pamoja na kiunganishi chake, na vP ya kitenzi elekezi, yaani kitenzi na yambwa yake, ni fezi: hatua ambazo sentensi hujengwa kwazo. Fezi ikikamilika, kilicho chini ya kiini chake hufungwa. Kirai kinachotaka kupanda lazima kwanza kifike ukingoni.

2. Chukua mfano wa Kiingereza wa Lebeaux, ulioendelezwa na Danny Fox. Nauandika kwa maneno yetu, mpangilio ukiwa wa Kiingereza. Wenye herufi moja, i au j, ni mtu mmoja; `__1` ni pale kirai kilipoanzia, `__2` ni kituo cha njiani:

```
[makala ipi yeye_i aliyompa Maria_j] kila mwanafunzi_i
alitumaini [CP __2 kwamba yeye_j angesoma __1]
```

3. Jiulize kirai kinasomewa wapi; kukirudisha kisomwe kwenye kituo cha chini ndio urejeshi. Juu kabisa hapana, maana yeye_i lazima awe chini ya "kila mwanafunzi". Kwenye `__1` pia hapana: Maria angekuwa chini ya yeye_j, na jina halikubali kutawaliwa na kiwakilishi chake. Hata hivyo sentensi inakubalika. Imebaki `__2`, ukingo wa CP.

4. Hapa ndipo nilipoharibu tasnifu yangu. Niliweka kishazi rejeshi chenye jina tu, bila yeye_i. Msimamizi akaifuta sura nzima, na alikuwa na haki: kishazi rejeshi ni chagizo, kinaweza kuunganishwa baada ya kirai kupanda, kwa hiyo Maria huenda hakuwahi kuwa chini. Ni yeye_i anayekilazimisha kishazi kiwepo chini ya "kila mwanafunzi". USIMWACHE. Usiache pia jaribio la kinyume:

```
*[makala ipi yeye_i aliyompa Maria_j] yeye_j alitumaini
[CP __2 kwamba kila mwanafunzi_i angesoma __1]
```

Sasa kila kituo kilicho chini ya mwanafunzi kiko pia chini ya yeye_j, na sentensi inakataliwa.

Maswali

Mwanachama A: Kwa hiyo fezi ni CP peke yake?
Mwandishi: Soma hatua ya 1.

Mwanachama B: Mbona mimi naona `__1` inafaa tu?
Mwandishi: Umesoma viwakilishi bila alama zake. yeye_j ni Maria. Rudia hatua ya 3 ukiwa na kalamu.

Mwanachama C: Shikamoo mwalimu. Ushahidi huu unaonyesha CP. Tufanyeje kwa vP?
Mwandishi: Marahaba, swali zuri sana. Mshushe yeye_j awe yambwa ya kitenzi kikuu: "kila mwanafunzi_i alimwomba yeye_j asome". Kwa Kiingereza inakubalika. Ukingo wa CP ya chini haukusaidii tena, kwa sababu uko chini ya yeye_j. Kituo kinachofaa kiko kati ya kiima na yambwa, yaani ukingo wa vP.

Mwanachama D: Naweza kujaribu kwa Kiswahili?
Mwandishi: Si moja kwa moja. Katika "Juma alisema Asha alinunua nini?" neno la swali limebaki mahali pake, hakuna cha kurejesha. Ukitaka kuona vituo kwa macho, tazama Kiayalandi: kiunganishi "go" hugeuka "a" katika kila kishazi ambacho kirai kimepitia.