Kabla hujajaza fomu ya banda la maonesho: anza na maelezo ya bidhaa

Kila mwaka kuanzia Machi napigiwa simu na wajasiriamali wenzangu wanaotaka kwenda Sabasaba au Nane Nane kwa mara ya kwanza. Swali lao la kwanza ni lile lile: banda ni shilingi ngapi? Mimi nasaga na kufungasha unga wa uji wa lishe Morogoro, na jibu langu huwa ni kwamba bei ije mwisho. Kwenye fomu ya ushiriki kuna sehemu tatu zinazobeba kila kitu: maelezo ya bidhaa, ukubwa wa banda na ratiba ya malipo. Wengi wanazijaza kinyumenyume. Wanachagua banda kwanza, wanatafuta hela, halafu maelezo ya bidhaa wanayaandika mbio mbio dakika ya mwisho kana kwamba ni pambo.

Nyaraka sizisemi sana. TIN, leseni ya biashara, cheti cha BRELA, cheti cha TBS kama unauza chakula au vipodozi. Piga nakala, ziweke kwenye bahasha moja. Hakikisha jina la biashara linafanana herufi kwa herufi kwenye karatasi zote, maana jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye ankara na kwenye kibao juu ya banda lako.

Sasa maelezo ya bidhaa. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Ilikuwa maonesho ya kanda ya siku saba, mara yangu ya kwanza kulipia banda kwa jina langu. Fomu ilikuwa na kisanduku kidogo cha maelezo ya bidhaa. Nikachukua maneno ya bango langu nikayanakili kama yalivyo: "Unga wa lishe wa asili, unaotibu upungufu wa damu, kisukari na vidonda vya tumbo. Chai ya mchaichai na tangawizi, inatoa sumu mwilini." Nilidhani navutia wateja. Sikujua kuwa msomaji wa kisanduku kile si mteja. Anayekisoma ni ofisa mwenye mamia ya fomu mezani, kazi yake ni kugawa washiriki kwenye makundi: vyakula huku, nguo na ngozi kule, mashine pale, dawa za asili upande ule. Aliona "asili", akaona "unaotibu", akaniweka kwenye dawa za asili. Kwa maneno niliyoandika mwenyewe, hakukosea.

Nilijua siku ya kupanga bidhaa. Nimeshusha pakiti 300, naulizia banda la vyakula, naambiwa jina langu halipo. Naoneshwa mwisho wa uwanja, katikati ya wauza mizizi na magome. Wale ni watu wazuri na walinipokea vizuri, lakini wateja wao si wateja wangu. Mama mwenye mtoto wa miezi minane anayetafuta unga wa uji anakwenda kwenye vyakula, ananunua kwa mwingine, anatoka. Nikaomba kuhamishwa. Banda la vyakula lilikuwa limejaa na orodha ya washiriki imeshachapishwa.

Siku ya pili wakaja wakaguzi, orodha mkononi. Kwa kuwa nilikuwa kundi la dawa, wakataka usajili wa dawa kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Nikatoa cheti cha TBS. Wakakiangalia wakasema hiki ni cha unga, ni chakula. Mbona umeandika unatibu kisukari? Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu halipo. Bidhaa iliyothibitishwa kama chakula haina ruhusa ya kudai inatibu ugonjwa. Ukidai hivyo umeihamishia kwenye dawa, na dawa ina usajili wake, uchunguzi wake na kibali chake cha matangazo. Sikutozwa faini. Niliambiwa nishushe bango na nifute neno hilo kila lilipoandikwa. Usiku ule mimi na mdogo wangu tulikaa na kalamu nyeusi tukifunika mstari mmoja kwenye pakiti moja baada ya nyingine. Kesho yake mteja anashika pakiti, anaona wino mweusi kwenye lebo, anairudisha mezani. Ungedhani nini kama ni wewe? Nilirudi nyumbani na pakiti 239.

Kwa hiyo andika hivi. Taja bidhaa kwa jina ambalo mnunuzi angelitumia dukani, sema imetengenezwa kwa nini, ipo kwenye ujazo gani, imethibitishwa na nani, na utafanya nini ukiwa bandani. Maelezo ninayotumia sasa ni haya: "Unga wa uji wa lishe wa mahindi, ulezi, soya na karanga. Pakiti za nusu kilo na kilo moja. Umesagwa na kufungashwa Morogoro, una nembo ya TBS. Tutaonjesha uji uliopikwa nje ya uwanja na kuhifadhiwa kwenye chupa za chai. Hatutawasha moto bandani. Tunauza rejareja na jumla." Neno "unga wa uji" ndilo linalonipeleka kwenye vyakula. Ujazo unamwambia mnunuzi wa jumla kama anasoma kitu chake, kwa kuwa maelezo haya mara nyingi ndiyo yanayoingia kwenye kitabu cha washiriki. Na ile sentensi ya moto usiidharau. Mabanda mengi ya ndani hayaruhusu jiko la gesi wala la mkaa. Kama kazi yako ni kukaanga karanga au kukamua miwa mbele ya mteja, sema kwenye fomu ili upewe eneo la wazi, usije ukazuiwa na zimamoto asubuhi ya ufunguzi. Friji, blenda, mashine ya kufungia mifuko: taja vyote, kwa sababu umeme wa banda la kawaida umepimwa kwa taa na soketi moja.

Bidhaa ambayo hukuiandika usiibebe. Kama umeandika unga, halafu unafika na sabuni za shangazi yako pembeni, unajitafutia maneno na waandaaji na pia na jirani anayeuza sabuni kihalali.

Ukishajua unaonesha nini, ndipo uchague ukubwa. Banda dogo la kawaida ni mita 3 kwa 3, yaani mita za mraba 9. Kwenye karatasi linaonekana kubwa. Nenda uani, chora mraba huo kwa chaki, weka meza, viti viwili, maboksi ya akiba, halafu msimame wawili na mtu wa tatu ajifanye mteja. Utaona kwamba meza ukiipanga kuziba mbele yote, mteja anabaki njiani akisukumwa na wapita njia. Ipange ubavuni, aingie. Kwa mzalishaji wa bidhaa tatu nne, mita 9 zinatosha, na ambaye hazimtoshi mara nyingi ameleta maboksi mengi kuliko bidhaa za kuonesha.

Ukichukua kubwa zaidi, uliza upande wa mbele una mita ngapi. Mita za mraba 18 zinaweza kuwa 6 mbele na 3 kwenda ndani, au 3 mbele na 6 kwenda ndani kama korido. Bei inaweza kuwa moja, lakini hilo la pili umelipia kona ya giza. Pia soma kama unalipia banda lililojengwa, lenye kuta, meza na taa, au ni eneo tupu. Eneo tupu lina bei ndogo kwa mita kwa sababu ni ardhi tu. Turubai, meza na kuvuta umeme ni juu yako.

Malipo sasa, na tupige hesabu ya mfano. Tuseme bei ni shilingi 100,000 kwa mita ya mraba. Mita 9 ni 900,000. Angalia kama imeandikwa "bila VAT". Ikiwa hivyo, tuseme VAT ni asilimia 18, ongeza 162,000, inakuwa 1,062,000. Kama hujasajiliwa VAT, hiyo huirudishiwi. Ni gharama yako kamili. Sasa tuseme faida kwa pakiti ni 1,500. Sabasaba kwa kawaida huanza tarehe 28 Juni hadi 13 Julai, siku 16. Kurudisha hela ya banda peke yake unahitaji kuuza pakiti 708, karibu 45 kila siku, kabla ya nauli, chakula, malazi na posho ya msaidizi. Kama hesabu hiyo inakutisha, ulizia nafasi ndani ya banda la SIDO au la halmashauri yako. Unapata meza badala ya banda zima, na kwa mwaka wa kwanza mimi naona hiyo ni bora.

Ratiba ikisema nusu wakati wa kujisajili na nusu kufikia tarehe fulani, tazama ile tarehe ya pili inaangukia wapi kwenye biashara yako. Kwangu salio linadaiwa wiki zile zile ninazonunua soya na mifuko kwa ajili ya maonesho hayo hayo. Nimeona watu wamelipa nusu, salio likawashinda, banda likapewa aliyekuwa anasubiri na nusu ya kwanza haikurudi. Soma kifungu cha kujitoa kabla ya kulipa hata senti. Fedha ya salio itenge siku ile ile unayolipa awamu ya kwanza, au usianze.

Kama unalipa serikalini, utapewa kontroo namba. Ina tarehe ya mwisho, ikipita inabidi uombe nyingine, na ofisini utakuta foleni, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho. Kama unalipa kwenye akaunti ya benki, hakikisha makato ya kuhamisha hayamegi kiasi chenyewe. Ukipungukiwa shilingi elfu tatu bado unahesabika hujamaliza. Usimtumie mtu hela ya banda kwenye namba yake ya simu, hata akikwambia anakushikia nafasi ya kona.

Stakabadhi chapa nakala mbili, moja ibaki nyumbani. Uliza beji ni ngapi kwa banda, na gari la mzigo linaruhusiwa kuingia mpaka saa ngapi asubuhi. Banda usimkodishie mtu. Mkichangia wawili, majina yote yaandikwe kwenye fomu. Beba risiti, kufuli, turubai la kufunika usiku, ekstensheni yako mwenyewe, chenji. Na kabla ya kutuma fomu, mpe mtu asiyejua biashara yako asome yale maelezo ya bidhaa, kisha umuulize: ungeniweka banda gani?