Uvimbe Unaopanda na Maji: Namna ya Kutofautisha Goita na Mitoki ya Shingo

Mgonjwa akiingia katika chumba changu cha uchunguzi hapa wilayani Newala na kusema “nina tezi shingoni,” huwa bado hajaniambia anaumwa nini. Neno hilo moja hutumika kwa goita, ambayo wazee huiita rovu na ambayo ni kuvimba kwa tezi ya thairoidi iliyo mbele ya koo. Hutumika pia kwa mitoki, yaani tezi ndogo za limfu zinazovimba mwili unapopambana na maradhi. Vitu hivi viwili havina asili moja wala matibabu mamoja. Mwaka jana mama mmoja mkulima wa korosho alimleta mwanawe wa miaka 9 mwenye uvimbe chini ya taya, naye mwenyewe alikuwa na uvimbe wake mbele ya shingo, akiwa na hakika kwamba mtoto amerithi. Nitaeleza hatua nilizozifuata siku ile, kwa kuwa sehemu kubwa ya hatua hizo mtu yeyote anaweza kuzifanya nyumbani kabla ya kufunga safari ya hospitali.

Hatua ya kwanza: tazama mahali uvimbe ulipo

Mtu aketi kwenye mwanga wa kutosha, shingo ikiwa wazi na kichwa kikitazama mbele kama kawaida. Thairoidi hukaa chini ya kikoromeo na juu kidogo ya kishimo cha koo, nayo ina ndewe mbili, moja kila upande wa bomba la hewa, zilizounganishwa katikati na kipande chembamba, kwa hiyo umbo lake hufanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Goita basi huonekana mbele na chini, wakati mwingine ikielemea upande mmoja. Mitoki ina makazi mengi zaidi: chini ya taya, nyuma ya sikio, kisogoni, kando ya ule msuli mnene unaoshuka kwa mshazari kutoka nyuma ya sikio hadi kifuani, na juu ya mtulinga.

Uvimbe wa mama ulikuwa mahali pa thairoidi, ukionekana hata bila kuinua kidevu. Wa mtoto ulikuwa chini ya taya upande wa kulia, mbali kabisa na kikoromeo. Mahali peke yake palitosha kunipa shaka kwamba hayo ni maradhi mawili, ila shaka si uthibitisho, kwa sababu mtoki ulio chini ya shingo unaweza kukaa jirani sana na thairoidi.

Hatua ya pili: maji ya kumeza

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo inayofanywa vibaya mara nyingi. Thairoidi imeshikamana na kikoromeo na bomba la hewa kwa utando mgumu. Mtu anapomeza, kikoromeo hupanda kisha hushuka, nayo tezi huvutwa pamoja nacho. Mitoki haijafungwa hapo, kwa hiyo kwa kawaida hubaki ilipo.

Mpe mtu kikombe cha maji, achukue funda moja, alishike mdomoni, kisha ainue kidevu kidogo tu. Mwambie ameze, nawe uangalie ukingo wa chini wa uvimbe wenyewe. Rudia mara tatu. Anayejichunguza peke yake atumie kioo, au, jambo ninalolipenda zaidi, mtu mwingine amrekodi kwa simu kutoka ubavuni, kwa kuwa kupanda kwa uvimbe mdogo huonekana vizuri zaidi kwa upande kuliko kwa mbele, na video hiyo inaweza kuletwa kwa tabibu.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kumeza mate matupu: mtu mwenye wasiwasi mdomo humkauka, mmezo unakuwa mfupi na hakuna kinachoonekana. La pili ni kutazama kikoromeo badala ya uvimbe, hasa kwa wanaume ambao kikoromeo chao kimechomoza. Mimi mwenyewe nimewahi kulifanya kosa hilo kwa kijana mvuvi aliyekuwa na uvimbe chini ya shingo upande wa kushoto. Sikumpa maji, nikaona kitu kinapanda, nikaandika goita. Aliporudi baada ya wiki sita, uvimbe mmoja ulikuwa umekuwa mitatu iliyogandana, amepungua uzito na analowa jasho usiku. Nilipompa maji, kikoromeo kilipanda na mafundo yale hayakutikisika. Sampuli iliyovutwa kwa sindano ilionyesha kifua kikuu cha tezi, akaanza dawa za miezi sita.

Jaribio hili lina mipaka yake. Goita kubwa sana, au iliyoingiwa na saratani ikagandana na nyama za jirani, inaweza isipande. Uvimbe ulio katikati kabisa, karibu na kikoromeo, unaopanda pia mtu anapotoa ulimi nje, mara nyingi ni mfuko wa maji aliozaliwa nao. La muhimu zaidi ni kwamba kupanda kunaonyesha uvimbe umetoka kwenye tezi gani. Hakuonyeshi kama uvimbe huo ni salama.

Wa mama ulipanda mara zote tatu. Wa mtoto ulitulia.

Hatua ya tatu: mkono

Simama nyuma ya mtu aliyeketi, weka ncha za vidole taratibu, upande mmoja baada ya mwingine. Usiminye pande zote mbili za shingo kwa pamoja, kwa sababu mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani hupita hapo na mtu anaweza kuzimia. Wala usikande uvimbe kwa mafuta ukitaka uyeyuke. Hauyeyuki, unaumia tu.

Kipimo cha thairoidi ni rahisi: kila ndewe ilinganishwe na pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Ikizidi hapo, tezi imekua. Goita inaweza kuwa laini na sawasawa, au ikawa na mafundo ndani yake. Ya mama huyu ilikuwa na mafundo mawili yaliyohisika. Mtoki uliovimba kwa maambukizi ya kawaida huwa kama punje ya karanga au zaidi kidogo, unateleza chini ya kidole, na mara nyingi unauma ukiguswa. Mtoki mgumu kama jiwe usiosogea, au mitoki iliyoshikana kama kichane, ni habari nyingine.

Hatua ya nne: tafuta chanzo

Mtoki haujitokezei bila sababu, nayo mara nyingi iko katika eneo linalochujwa na tezi hiyo. Uvimbe wa chini ya taya unakutuma kwenye meno, fizi na koo. Wa kisogoni unakutuma kwenye ngozi ya kichwa, penye mapunye au majipu. Nilimwomba mtoto apanue mdomo: gego la chini kulia lilikuwa limeoza hadi kwenye fizi. “Mbona hakusema linamuuma?” mama aliuliza. Mtoto akajibu kwamba lilikuwa likimuuma wakati wa palizi, likaacha. Jino lilitolewa, na baada ya wiki tatu uvimbe ulikuwa umebaki wa kutafutwa kwa kidole.

Kwa goita maswali ni mengine. Je, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, joto halivumiliki, uzito unapungua ilhali mtu anakula vizuri? Hizo ni dalili za tezi inayotoa homoni kupita kiasi. Au mtu ni mzito, anasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, choo kigumu, uzito unaongezeka? Hapo homoni huenda imepungua. Nilimuuliza mama pia kuhusu chakula. Ugali wao ni wa muhogo, na chumvi hununua ya kupimwa kwa kopo, iliyotoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi ya pwani. Chumvi ya bahari iliyokaushwa kwa jua haina madini joto, yaani ayodini, ya kutosha mpaka yaongezwe, na muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri hubaki na sumu ambayo mwilini huizuia tezi kuyapata hata hayo machache. Tezi ikikosa madini joto kwa miaka, hukua ikijaribu kufidia.

Nilimshauri abadilishe chumvi kwa faida ya nyumba nzima, lakini nilimwambia wazi kwamba goita ya zamani yenye mafundo haitarudi ndani kwa sababu ya chumvi. Anayekunywa ayodini ya kupaka vidonda anajidhuru, kwani wingi wa ghafla unaweza kuisukuma tezi yenye mafundo itoe homoni kupita kiasi na kuuchosha moyo.

Lini kwenda kuchunguzwa

Nenda siku hiyo hiyo ikiwa pumzi inakwaruza au inabana hasa ukilala chali, ikiwa huwezi kumeza hata mate, au ikiwa uvimbe ni wa moto, una homa kali na mdomo haufunguki. Hapo usisubiri basi la kesho.

Ndani ya siku chache hadi wiki mbili, nenda ikiwa uvimbe wa mbele unakua upesi, ni mgumu, au umeandamana na mtoki wa kando. Ikiwa sauti imekuwa ya mkwaruzo kwa zaidi ya wiki tatu. Au ikiwa mtoto ana uvimbe unaopanda na maji. Mjamzito mwenye goita naye asingoje, kwa kuwa mimba changa hutegemea homoni ya mama. Kwa mitoki, usikae nayo zaidi ya wiki nne bila kupungua, wala ikizidi sentimita mbili, wala ikija na jasho la usiku, homa zisizokwisha au kukonda, maana hapo tunapima kifua kikuu na VVU na wakati mwingine tunatafuta saratani. Mtoki wa juu ya mtulinga hauna udogo wa kupuuzwa.

Goita iliyotulia kwa miaka haina haraka hiyo, ila ichunguzwe walau mara moja. Mama yule nilimwomba ainue mikono yote miwili kando ya masikio kwa dakika moja. Uso haukubadilika rangi wala pumzi haikubana, na hiyo ilinipa matumaini kwamba goita haijashuka kifuani na kubana mishipa. Nilimwandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ambayo kwa Mtwara ni Ligula na kwa Lindi ni Sokoine, apimwe homoni kwa damu na apigwe altrasaundi. Homoni zilikuwa sawa. Fundo moja lilionekana la kutiliwa shaka, likavutwa kwa sindano nyembamba, na halikuwa na saratani. Hakupewa dawa wala hakupasuliwa. Alipewa tarehe ya kurudi baada ya mwaka, na amri ya kurudi kabla ya hapo iwapo sauti itabadilika.