Somo: Slabu ya pande mbili juu ya bimu, koefisienti za momenti na kugawa nondo kwenye kanda

Assalamu alaykum wanachama. Mwezi uliopita niliitwa Malindi kuangalia nondo za slabu ya ghorofa ya kwanza ya nyumba ya wageni kabla ya kumwaga zege. Nondo zilikuwa nyingi na zimefungwa vizuri, ila zilikuwa zimekaa mahali pasipofaa: zimebanana kando ya bimu, na katikati ya chumba zimeachiana. Aliyechora alikuwa amesoma slabu bapa, ile inayokaa juu ya nguzo bila bimu, akahamisha mazoea yake kwenye slabu yenye bimu pande zote nne. Tulifungua tukafunga upya siku mbili. Somo hili nimeliandika kwa sababu ya kosa hilo, na paneli nitakayoitumia inakaribiana na ile.

Chukua paneli ya pembeni ya jengo, mita 5.0 kwa 6.5, bimu kila upande. Pande mbili zinazokutana pembeni zinatazama nje, moja upande wa bahari, na hapo slabu inaishia. Pande mbili nyingine inaendelea kwenye vyumba vya jirani. Unene ni milimita 175, zege la C25, nondo za 10 zenye nguvu ya 460. Kava nimeweka 30 kwa ndani. Kwa baraza iliyo wazi kwa upepo wa bahari 30 haitoshi, na C25 pia haitoshi.

Hatua ya 1: Uwiano na aina ya paneli

Upande mrefu gawanya kwa mfupi: 6.5 ÷ 5.0 = 1.3. Haujapita 2, kwa hiyo slabu inabeba pande mbili kweli. Kisha hesabu pande zisizoendelea. Hapa ni mbili zilizoshikana pembeni. Kagua hili kwenye mchoro wa ghorofa nzima, usitazame chumba peke yake, kwa sababu upande wenye uwazi wa ngazi hauendelei hata kama kuna bimu pale.

Hatua ya 2: Mzigo

Slabu yenyewe ni 0.175 × 24 = 4.2 kN/m². Marumaru, plasta na kuta nyepesi nimezipa 1.8, jumla 6.0. Mzigo wa watu kwa chumba cha wageni ni 2.0.

```
n = 1.4 × 6.0 + 1.6 × 2.0 = 11.6 kN/m²
```

Hatua ya 3: Koefisienti

Kwenye Jedwali 3.14 la BS 8110, mstari wa pande mbili zilizoshikana zisizoendelea, chini ya 1.3, unapata upande mfupi 0.069 juu ya bimu na 0.051 katikati. Upande mrefu ni 0.045 na 0.034, na hizi hazibadiliki hata uwiano ukibadilika.

```
msx = βsx · n · lx²
msy = βsy · n · lx²
```

Tazama vizuri mstari wa pili. Momenti ya upande mrefu nayo inatumia lx, spani fupi. Wengi wanaweka 6.5 hapo kwa sababu ndiyo spani ya nondo hizo, na jibu linapanda kwa karibu asilimia 70. Jedwali limeshauhesabu urefu huo ndani ya koefisienti.

Basi n · lx² ni 11.6 × 25 = 290. Upande mfupi tunapata 20.0 kNm kwa kila mita juu ya bimu na 14.8 katikati. Upande mrefu ni 13.1 na 9.9.

Hatua ya 4: Eneo la nondo

Nondo za upande mfupi zinakaa nje kabisa: chini zinatangulia kwenye biskuti, juu zinakuwa za mwisho kufungwa. Kina chao ni 175 − 30 − 5 = 140. Za upande mrefu zinakaa ndani yake, kina 130. Mkono wa ndani hapa ni 0.95 ya kina kote.

```
As = M / (0.87 · fy · z)
20.0 × 10⁶ / (0.87 × 460 × 133) = 376 mm²/m
```

Kwa njia hiyo hiyo, katikati upande mfupi ni 278. Upande mrefu ni karibu 265 juu na 200 chini. Kiwango cha chini kabisa ni 0.13% ya zege, yaani 228, kwa hiyo ile 200 inapanda kuwa 228. Nondo za 10 kila 200 zinatoa 393, kila 250 zinatoa 314, kila 300 zinatoa 262. Kwa hiyo mfupi juu ni kila 200, mfupi chini kila 250, mrefu juu kila 250, mrefu chini kila 300.

Hatua ya 5: Kanda

Hapa ndipo nondo za Malindi zilipokosewa. Momenti tulizopata ni za ukanda wa kati peke yake. Ukanda wa kati ni robo tatu ya upana, na kila ukanda wa ukingo ni sehemu moja ya nane. Upana huo unapimwa kwa kuzivuka nondo: nondo zinazokwenda upande mfupi zinapangwa kufuata upande mrefu. Kwa hiyo ukanda wao wa kati ni 0.75 × 6.5 = mita 4.88, na kila ukingo ni mita 0.81. Kwa nondo za upande mrefu, kati ni 3.75 na ukingo ni 0.63.

Katika ukanda wa ukingo, nondo zinazokwenda sambamba na bimu ya karibu zinatosha kwa kiwango cha chini, yaani 10 kila 300, pamoja na za msokoto nitakazozitaja. Sababu yake ni rahisi ukiifikiria bimu yenyewe. Bimu ni ngumu kuliko slabu mara nyingi. Slabu iliyo karibu nayo haiwezi kushuka, na isiposhuka haipindi kufuata bimu. Mzigo wa pale unaingia kwenye bimu, na nondo nzito za bimu ndizo zinazoubeba. Katikati ya chumba hakuna wa kuisaidia slabu.

Simama juu ya ile bimu ndefu ya mita 6.5 ambako slabu inaendelea, utazame nondo za juu zinazoivuka. Kutoka uso wa nguzo, sentimita 81 za kwanza ni kila 300. Halafu mita 4.88 ni kila 200, kisha 81 za mwisho ni kila 300 tena. Mimi huwaambia mafundi wapige chaki nyekundu kwenye mbao za fomu mahali ukanda unapobadilika kabla nondo ya kwanza haijalazwa.

Hatua ya 6: Pembe

Pembe ya nje ambako pande zote mbili haziendelei hutaka kunyanyuka. Weka wavu wa nondo za msokoto juu na chini, mita 1.0 kutoka kila ukingo, yaani moja ya tano ya spani fupi. Kila safu kati ya hizo nne iwe na robo tatu ya 278, ambayo ni 209. Nondo za 10 kila 300 zinatosha, ila zisikosekane za juu. Pembe yenye upande mmoja usioendelea inataka nusu ya hiyo. Pembe ya ndani haitaki kitu. Ufa wa mshazari juu ya sakafu kwenye pembe ya nyumba mara nyingi ni wavu huu uliosahauliwa.

Hatua ya 7: Siku ya zege

Pima nondo za juu kwa tepu. Zikikanyagwa na kushuka milimita 40, kina cha 140 kinakuwa 100, na nguvu juu ya bimu inapungua karibu asilimia 29. Viti viwe karibu karibu, na wilbaro ipite juu ya mbao.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Watamu: Mwalimu, mbona kitabu chetu cha chuo kinagawa ukanda wa nguzo na ukanda wa kati, na ukanda wa nguzo unapewa asilimia 75 ya momenti juu ya nguzo? Wewe umeweka kinyume.

Jibu: Hiyo ya 75 ni ya slabu bapa, na kwake ni sahihi. Pasipo bimu, mistari inayounganisha nguzo ndiyo inayofanya kazi ya bimu ndani ya slabu, hivyo nondo zinajaa pale. Ukisoma njia ya Kimarekani ya ACI, wanatumia jina la ukanda wa nguzo hata bimu ikiwepo, lakini bimu ikiwa ngumu ya kutosha inachukua asilimia 85 ya momenti ya ukanda huo. Kinachobaki kwa slabu ni kidogo, kwa hiyo unafika pale pale. Hatari ni kuchukua asilimia za ukanda wa nguzo ukasahau kuitolea bimu fungu lake. Ndivyo ilivyokuwa Malindi.

Mwanachama, Malindi: Injinia, uwiano wangu ni 1.36. Nichukue 1.3 au 1.4?

Jibu: Tafuta kati. Kwa aina hii ya paneli 0.069 inakwenda 0.074, basi 0.069 + 0.6 × 0.005 = 0.072. Ukitaka haraka chukua 1.4, hutapoteza nondo nyingi. Usishuke kwenye 1.3.

Mwanachama, Lamu: Shikamoo mwalimu. Nyumba ya kale ya babu, chumba ni mita 2.7 kwa 7.5, boriti za mkoko zimeliwa. Tukiweka slabu juu ya kuta za mawe ya matumbawe, naweza kutumia jedwali hili?

Jibu: Marahaba. Hapana, kwa sababu mbili. Uwiano ni 2.8, slabu itabeba upande wa 2.7 tu, na nondo za urefuni ni za kugawa mzigo. Vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana, kwa hiyo utakutana na hali hii karibu kila nyumba. Pili, jedwali linadai pembe zishikwe zisinyanyuke, na slabu iliyokalia tu ukuta wa mawe na chokaa haijashikwa. Slabu ya zege pia ni nzito kuliko unavyodhani, hivyo kuta zikaguliwe kwanza. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo waone watu wa uhifadhi kabla hujatoa boriti hata moja. Boriti mpya huenda ndizo zikawa jawabu lako.

Mwanachama, Mambrui: Bimu ya kati, paneli yangu inanipa 20.0 na ya jirani 15.5. Nifunge ipi?

Jibu: Nondo ni moja inayovuka, kwa hiyo funga kwa 20.0 pande zote mbili, uiache momenti ya katikati ya kila paneli kama ilivyo. Ukitaka kubana, tofauti ya 4.5 igawe kwa ugumu wa paneli mbili, lakini paneli iliyopunguziwa juu ya bimu lazima iongezewe katikati. Wengi wanafanya nusu ya kwanza na kuisahau ya pili.