Kupima mkakati wa kubeti kwa odi zilizokuwepo kweli

Mkakati wangu wa kwanza ulionyesha faida misimu minne mfululizo kwenye kompyuta, lakini nilipoweka pesa halisi zikaanza kupukutika. Kosa nililigundua baadaye: wastani wa mabao niliotumia kuchagua mechi ulikuwa umehesabu na mabao ya mechi hiyohiyo. Nilikuwa nabeti huku matokeo nimeshayaona.

Hatua ya 1: Panga data kwa tarehe. Pakua faili za Ligi Kuu ya England kutoka football-data.co.uk, kuanzia msimu wa 2019/20, uziunganishe ziwe jedwali moja la pandas, `df`. Tuseme unabeti ushindi wa nyumbani kwa timu inayofunga sana kwao:

```python
df["Date"] = pd.to_datetime(df["Date"], dayfirst=True)
df = df.sort_values("Date")
df["wastani"] = df.groupby("HomeTeam")["FTHG"].transform(
    lambda s: s.shift(1).rolling(5).mean())
```

Hiyo `shift(1)` ndiyo inayoiacha nje mechi ya leo. Usiamini tu, jaribu: chukua mechi moja, badilisha mabao yake yawe 9, kisha endesha upya. Wastani wa mechi hiyo ukibadilika, matokeo yanavuja.

Hatua ya 2: Chagua odi ambayo ungeipata. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Safu ya `MaxH` ni odi ya juu kuliko zote sokoni, na huenda inatoka kwa kampuni ambayo huna akaunti nayo. `B365CH` ni odi ya kufunga ya Bet365, ya dakika za mwisho kabla ya mpira kuanza. Mimi hutumia `B365H`, odi ya mapema ya kampuni hiyohiyo, ambayo kwa mechi za wikendi hukusanywa Ijumaa mchana. Kwa hiyo mkakati wako usitumie habari yoyote iliyotoka baada ya hapo, hata kikosi cha Jumamosi. Kama wewe unabeti kwenye kampuni nyingine, anza leo kuandika odi zake pamoja na saa ulipoziona.

Hatua ya 3: Funga msimu mmoja kabatini. Tafuta kiwango cha wastani, tuseme mabao 1.8, kwa kutumia misimu ya 2019/20 hadi 2022/23 pekee. Kisha pima 2023/24 mara moja tu. Ukirudi kurekebisha kiwango baada ya kuona jibu, msimu huo umeshaharibika kama kipimo, tafuta mwingine.

Hatua ya 4: Pima bahati. Kwa beti 400 za odi ya 2.00, bahati peke yake husogeza matokeo kwa takribani asilimia 5 juu au chini, na mara moja kati ya 20 huvuka asilimia 10. Faida ya asilimia 4 hapo bado haijathibitisha kitu.

Ndiyo maana naangalia pia odi ya kufunga, si kama bei ya kununulia bali kama mizani. Ulichukua 2.10 Ijumaa, ikafunga 1.95? Hiyo ya kwanza inahitaji ushindi asilimia 47.6 ili usipate hasara, ya pili 51.3. Mkakati unaopata pengo la namna hiyo kwa wastani wa beti zote naupa nafasi, hata kama msimu uliofungwa ulitoa hasara ndogo.