Jinsi ya kukagua kama ada ya kufikisha mizigo inatosha katika kila kanda

Mfanyabiashara wa viatu niliyemsaidia hapa Nairobi aliona kwamba ada alizokusanya mwezi mzima zilizidi kidogo malipo ya msafirishaji, akaridhika. Jumla hiyo ilificha kwamba wateja wa Kilimani na Westlands walikuwa wakifidia hasara ya Rongai.

Hatua ya 1. Weka oda zako na ankara ya msafirishaji katika laha mbili za faili moja, `Oda` na `Ankara`. Dai ankara yenye mstari kwa kila safari.

Hatua ya 2. Andika kanda kama msafirishaji anavyozigawa. Syokimau, ambayo wateja wengi huiita Nairobi, imo Machakos, na huenda ikatozwa bei ya nje ya jiji.

Hatua ya 3. Oanisha gharama na oda kwa nambari ya kifurushi. Wengi hutumia `VLOOKUP`, nami siipendekezi hata kidogo kwa kazi hii, kwa sababu huchukua mstari wa kwanza inaoukuta na kuiacha mingine. Kifurushi kilichokataliwa huwa na mistari miwili, wa kwenda na wa kurudi, kwa hiyo gharama ya kurudi hupotea bila onyo lolote. Tumia hii katika safu mpya ya laha ya `Oda`, kuanzia mstari wa 2 na kuinakili hadi chini, ikiwa nambari ziko safu ya A katika laha zote mbili na gharama safu ya D ya `Ankara`:

```
=SUMIFS(Ankara!D:D,Ankara!A:A,A2)
```

Kisha linganisha jumla ya safu hiyo mpya na jumla ya ankara. Zikitofautiana, tafuta mistari ya ankara isiyo na oda, maana baadhi ya wasafirishaji huupa mzigo unaorudi nambari mpya. Irudishe kwenye oda yake kwa mkono. Tofauti ikibaki karibu asilimia 16, bei za mistari hazina kodi ya ongezeko la thamani ilhali jumla inayo. Asiyesajiliwa kwa kodi hiyo aihesabu kama gharama. Aliyesajiliwa aiondoe pande zote mbili, yaani hata kwenye ada anayotoza.

Hatua ya 4. Jumlisha kila kanda. Tuseme Rongai ilikuwa na oda 40, mteja akilipa shilingi 350 anapopokea, na msafirishaji akitoza 300 kabla ya kodi, yaani 348, kwa kila safari. Oda 4 zilirudishwa bila kulipiwa. Makusanyo ni 36 × 350, sawa na 12,600. Safari ni 44, kwa hiyo gharama ni 15,312. Upungufu ni 2,712, ingawa kila mzigo uliopokelewa ulionekana kuacha shilingi 2.

Hatua ya 5. Gawanya gharama kwa oda zilizolipiwa: 15,312 kwa 36 ni takriban 425, hivyo ada ya kulipwa mlangoni iwe 430. Ada ikilipwa kwa M-Pesa kabla ya mzigo kuondoka, na isiporejeshwa mteja akikataa mzigo, unagawanya kwa 40, na 390 inatosha. Mimi huchagua njia hii ya pili kwa Rongai na Kitengela, mradi sharti hilo liandikwe wazi kabla mteja hajalipa.