Jinsi ninavyokodisha miksa ya zege Mbeya: dipoziti, ukaguzi wa kurudisha na hela ya kuchelewesha

Nakodisha miksa za zege za mfuko mmoja hapa Mbeya, wateja wangu wengi ni mafundi wa Uyole, Isyesye na Mbalizi, wachache wanapeleka mpaka Tukuyu. Watu huwa wananiuliza nakata vipi dipoziti bila kugombana na mteja, sa naandika ninavyofanya hatua kwa hatua. Bei ni zangu, we weka za kwako.

Hatua ya 1: panga dipoziti kabla hujapokea oda

Wengi wanakosea hapa, wanataka dipoziti ilingane na thamani ya mashine. Hakuna fundi atakupa hiyo hela, na ukimbana sana anaenda kwa jirani. Mi naangalia vitu viwili tu: siku mbili za kuchelewesha, plasi matengenezo yanayotokea mara kwa mara. Kukodi kwa siku ni 70,000, kwa hiyo siku mbili ni 140,000, kusafisha pipa lililoganda au kununua mkanda naweka 110,000, jumla dipoziti 250,000. Mashine kupotea kabisa hilo halilindwi na dipoziti, linalindwa na kumjua mtu: picha ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu unayoipigia hapohapo ikaita, na saiti ambayo kabla ya kuitoa mashine umetuma mtu akaiona kwa macho. Kitambulisho chenyewe usikishike, kipige picha umrudishie, atakihitaji.

Hiyo 250,000 sio mapato yako. Mi naiweka kwenye laini nyingine ya simu ambayo siigusi, maana ukiichanganya na ya mauzo utaitumia, afu Jumatatu mteja anadai chake we unaanza kumzungusha, hapo ndo jina linaharibika mtaani.

Hatua ya 2: oda iandikwe na saa ambayo haina utata

Kwenye shiti ya kompyuta naandika mteja na mashine yake kwenye safu ya kwanza, afu bei ya siku, muda wa kurudisha, muda iliporudi. Sasa sikiliza hapa kwenye saa, maana mimi pamenigharimu. Sisi tunasema saa 12 jioni, ukiandika 12:00 kompyuta inaelewa mchana. Mteja karudisha saa 1 usiku, ukaandika 19:00, shiti inakwambia kachelewa masaa 7 kumbe ni lisaa limoja tu, unamkata siku nzima bure. Andika 18:00 kwenye shiti, ila kwenye karatasi ya mteja andika kwa maneno "saa kumi na mbili jioni, Jumamosi".

Oda mbili usizibananishe. Mashine inayorudi Jumamosi jioni siitoi Jumapili asubuhi, naacha angalau nusu siku katikati. Hela ya kuchelewesha haimtulizi yule mteja wa pili ambaye ana vibarua kumi wamekaa na mchanga wanasubiri.

Hatua ya 3: kukabidhi

Piga picha ndani ya pipa, mapanga ya ndani, mkanda, matairi, kijiti cha oili kikionyesha usawa, na afu chukua video fupi mashine inawashwa ikiwa baridi. Video itoke na sauti. Mtumie mteja picha zote WhatsApp palepale kabla haijapandishwa kwenye kirikuu, ili na yeye awe nazo. Mafuta andika yalipo, arudishe hivyohivyo.

Hatua ya 4: kurudisha, na hapa ndo penyewe

Tenganisha vitu viwili, KUPOKEA na KUKAGUA. Mashine ikifika getini hata kama ni usiku, andika saa, msaini wote, saa ya kuchelewesha inasimama hapo. Lakini dipoziti haitoki mpaka ukaguzi, na ukaguzi ni asubuhi kwenye mwanga, mteja akiwepo au mtu wake. Zamani nilikuwa nakagua usiku kwa tochi narudisha hela, asubuhi nakuta uji wa simenti uliokuwa laini nyuma ya mapanga umekuwa jiwe, na hela nishaitoa.

Asubuhi anza na pipa. Ligonge kwa nje na nyundo ndogo taratibu ukizunguka, bati safi linalia, penye simenti nene sauti inakuwa imeziba. Afu ingiza mkono nyuma ya mapanga (injini imezimwa jamani), ndiko wanakosahau kuosha. Simenti ikiganda pale pipa linabeba kidogo na linazunguka kwa kuyumba, na wanaolibandua kwa nyundo kubwa wanaacha mabonde. Mteja anayetaka kuosha vizuri mwambie akimaliza tu zege atie kokoto na maji, aizungushe dakika kama kumi, amwage, asingoje mpaka vibarua wale chakula kwanza.

Inafuata injini, toa kijiti cha oili. Ikiwa nyeupenyeupe kama chai ya maziwa ujue maji yameingia, usiiwashe. Ikiwa chini sana ujue imekimbizwa bila kuangaliwa. Kama oili iko sawa, iwashe ikiwa baridi. Injini iliyofika ya moto inawaka kirahisi na inaficha ugonjwa. Ila uwe muungwana, Juni na Julai baridi ya huku hata dizeli nzima inasumbua asubuhi, kwa hiyo linganisha na ile video ya kukabidhi, usilinganishe na unavyotamani iwake.

Hatua ya 5: hesabu

Kanuni yangu: saa 2 za mwanzo bure, maana malori barabara kuu yakibana kirikuu kinachelewa na sio kosa la mtu. Zaidi ya hapo mpaka masaa 6 ni nusu siku, ikipita ni siku nzima kwa kila masaa 24 yaliyoanza. B2 ni bei ya siku, C2 muda wa kurudisha, D2 muda iliporudi, na muda uandikwe pamoja na tarehe. Fomula ya kwanza weka E2, ya pili F2:

```
=MAX(0,ROUND((D2-C2)*24,2))
=IF(E2<=2,0,IF(E2<=6,0.5,ROUNDUP(E2/24,0))*B2)
```

Mfano. Fundi wa Uyole kachukua Ijumaa asubuhi, arudishe Jumamosi saa 12 jioni. Kalipa siku mbili 140,000 na dipoziti 250,000, jumla 390,000. Kaileta Jumapili saa 4 asubuhi, ni masaa 16, siku moja, 70,000. Kukagua tukakuta simenti nyuma ya mapanga, vibarua wawili kubandua 30,000. Mkanda nao ulikuwa na nyufa, nikataka kumkata, yeye akafungua picha zangu mwenyewe za Ijumaa, nyufa zipo. Sikumkata hata mia. 250,000 toa 100,000, nikamrudishia 150,000 palepale kwa M-Pesa na makato ya kutuma nikabeba mimi, maana hela ni yake. Nikamwandikia na meseji: kuchelewa 70,000, kusafisha 30,000, mkanda haudaiwi.

Mvua je? Ikinyesha kabla hajaanza kumwaga zege akanipigia kabla ya saa 6 mchana, namsogezea siku bila kumkata, wa Tukuyu wanaijua hii. Akishaanza, siku ni yake.

Na kuchelewa kukifika siku mbili usiendelee kuhesabu ukiwa umekaa. 140,000 imeisha, iliyobaki ni ya matengenezo tu, chukua kirikuu uifuate mashine saiti.